Posho, maji salama na asilimia 30: maswali ya kumaliza kabla ya kutafsiri andiko la ruzuku

Katika andiko la mradi, kurasa ninazozitafsiri polepole kuliko zote ni maelezo ya bajeti na jedwali la viashiria. Utangulizi ukiwa na sentensi dhaifu, mfadhili atausamehe. Bajeti na viashiria huingia kwenye mkataba, na mkaguzi akija baadaye huja na nakala ya Kiingereza mkononi. Kilichoahidiwa humo ndicho atakachodai.

Chukua andiko la kikundi kimoja mkoani Singida, walioomba fedha za kisima kirefu na vituo vya kuchotea maji katika kijiji cha kaya 600. Kwenye bajeti kulikuwa na mstari huu: "Posho za washiriki wa mafunzo: watu 30 × siku 3 × sh. 20,000 = sh. 1,800,000." Sisi tunauelewa bila kuuliza. Kwa Kiingereza lazima uchague, maana posho yaweza kuwa fedha ya kujikimu ya aliyelala nje ya kwake, nauli, chakula, au malipo ya kukaa kikaoni. Hayo matatu ya kwanza wafadhili wengi huyakubali yakiwa na viwango na vielelezo. La nne wengi hulikata.

Kwa hiyo sichagui mimi. Nampigia mhasibu na kumuuliza: analipwa nani, kwa ajili ya nini, na anasaini wapi? Hapa jibu lilikuwa sh. 12,000 za bodaboda kwenda na kurudi, na sh. 8,000 za chakula. Mistari miwili chini yake kulikuwa na "Chakula cha mchana: 30 × 3 × 8,000 = sh. 720,000." Chakula kimewekwa mara mbili! Mstari wa posho ukashuka hadi sh. 1,080,000, ukaitwa nauli, na chini yake tukaeleza washiriki wanatoka vitongoji gani na kwamba watasaini orodha ya malipo kila siku. Lakini angesema ni malipo ya kikao, ningeandika malipo ya kikao na kuwatahadharisha viongozi kabla ya kutuma. Kuyabatiza jina la nauli ni kuwatwisha deni, kwa sababu matumizi yasiyolingana na maelezo yake yanaweza kudaiwa yarudishwe.

Kiashiria kikuu kilisomeka: "Kaya zinazopata maji safi na salama zimeongezeka kwa asilimia 30." Maneno "safi na salama" tumeyazoea kwenye kila hotuba ya maji. Mfadhili wa sekta hii huyasoma kwa vipimo vya WHO na UNICEF, ambavyo katika ngazi ya juu vinataka maji yapatikane nyumbani, yawepo yanapohitajika, na yasiwe na vimelea vya kinyesi wala kemikali hatari. Mradi huu ulikuwa unajenga vituo ndani ya mita 400 kutoka kwenye kaya, kama Sera ya Maji ya 2002 ilivyotaka. Hicho ni kitu kizuri, ila si maji ya nyumbani. Kinachoshabihiana nacho ni ngazi ya huduma ya msingi: chanzo kilichoboreshwa, na safari ya kwenda, kupanga foleni na kurudi isiyozidi dakika 30. Hivyo ndivyo tulivyoandika.

Neno "salama" viongozi hawakutaka kuliacha, na walikuwa na hoja, kwani floraidi ni tatizo linalojulikana katika visima vya Singida. Nikarudi kwenye bajeti kutafuta fedha za kupima maji. Hazikuwepo. Wakaamua zile sh. 720,000 zilizookolewa ziende kwenye vipimo vya maabara, na usalama wa maji ukawa kiashiria cha pili, chenye njia yake ya kuthibitisha. Kiashiria kisicho na mstari wa bajeti wa kukipima hutakiwi kukitafsiri kimya kimya. Kirudishe kwa wenyewe.

Ikabaki "kwa asilimia 30". Hali ya kuanzia ilikuwa kaya 240 kati ya 600, yaani asilimia 40. Ukiongeza asilimia 30 ya hizo 240, unafika kaya 312. Ukiongeza pointi 30 za asilimia, unafika asilimia 70, yaani kaya 420. Tofauti ni kaya 108 kwa sentensi ileile. Walikusudia 420, basi kwa Kiingereza tukataja kutoka wapi hadi wapi: kutoka asilimia 40 hadi 70 ya kaya 600, ifikapo mwisho wa mradi.

Kisha nikaomba nakala ya Kiswahili nayo irekebishwe mstari kwa mstari. Watakaokwenda nyumba kwa nyumba na dodoso watatumia hiyo, na wakiendelea kuuliza "mnapata maji safi na salama?" badala ya kuuliza dakika za safari na foleni, takwimu watakazoleta hazitajibu kiashiria kilichosainiwa.