Feni ya Bafuni Inayowaka Bila Mtu Kuoga

"Mbona feni ya bafuni inawaka yenyewe saa tisa usiku, wakati sote tumelala na hakuna aliyeoga?"

Mara nyingi si ubovu. Kama feni hiyo ina kihisi cha unyevu, kilichotokea ni kwamba hewa ya bafuni imepoa, na kwa kihisi hicho hewa iliyopoa haina tofauti na hewa iliyoongezwa maji.

Mimi niliwahi kuifungua ya kwangu kwa bisibisi nikitafuta waya uliolegea. Niliamini kwamba feni inapima maji yaliyomo hewani, kwa hiyo asilimia 80 lazima iwe maji mengi kuliko asilimia 60. Sivyo. Asilimia hiyo ni uwiano tu kati ya mvuke uliopo na mvuke wa juu kabisa unaoweza kuwapo kwenye joto lile kabla haujaanza kugeuka umande. Na kikomo hicho hakitulii. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, mita moja ya ujazo hufikia kikomo kwa gramu 23 hivi za mvuke. Kwenye nyuzi 20, ni gramu 17 na kidogo.

Chukua bilauri kubwa yenye maji zaidi kidogo ya nusu, kisha yamimine yote kwenye bilauri ndogo. Hukuongeza hata tone, lakini sasa yanakaribia ukingo. Usiku hufanya hivyohivyo: maji ni yaleyale, bilauri ndiyo imepungua. (Wanafizikia hawapendi mfano huu, maana hewa si chombo kinachobeba mvuke, kinachoamua ni joto. Lakini hesabu inatoka sawa.)

Tuifanye hesabu hiyo. Jioni bafu lina nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60, yaani karibu gramu 14 kwa kila mita ya ujazo. Kufikia saa tisa usiku joto limeshuka hadi nyuzi 20. Gramu ni zilezile 14, ila sasa ni asilimia 80. Feni iliyowekwa iwake kwenye asilimia 70 imetii amri. Kichekesho ni kwamba ikishawaka, inavuta hewa ya ukumbini ambayo nayo imepoa, kwa hiyo kipimo hakishuki na feni inazunguka hadi asubuhi.

Kwa sababu hiyo baadhi ya feni hazisubiri kiwango fulani, bali huangalia kasi ya kupanda. Mlinzi aliyezoea kelele za mvua juu ya bati hashtuki mvua ikizidi polepole, lakini hodi moja mlangoni inamwamsha. Feni hii nayo huweka kumbukumbu ya unyevu wa saa chache zilizopita na kuilinganisha na unyevu wa sasa. Kupoa kwa usiku kumepandisha asilimia 60 hadi 80 kwa saa sita au zaidi, mwendo wa kobe. Maji ya moto yanaweza kupandisha kiasi hichohicho kwa dakika chache. Hiyo ndiyo hodi. Kisha feni huzima unyevu unaporudi karibu na ulivyokuwa kabla ya kuoga, hata kama hapo ni asilimia 75.

Feni ya taima ya kawaida haina mashaka haya, lakini haina habari pia: aliyenawa mikono na aliyeoga nusu saa hupewa dakika zilezile.

Hata hivyo, feni inayoangalia kasi ya kupanda nayo ina upofu wake. Anayeoga maji baridi hutoa mvuke kidogo, na sakafu iliyolowa hukauka taratibu. Nguo zilizoanikwa bafuni nazo hupandisha unyevu polepole. Hakuna hodi, feni inalala, na ukutani ukungu unaota. Ndiyo maana nyingi bado huachiwa swichi ya kuwasha kwa mkono.

Kujua yako ni ya aina gani, zima umeme kwanza, fungua kifuniko, utafute kitufe kidogo cha kuzungusha kinachoweka kiwango cha unyevu. Kikiwapo, kipandishe kutoka 70 hadi 85 hivi. Ikiacha kuwaka usiku lakini bado inawaka mtu akioga maji ya moto, basi ni feni ya kiwango na tatizo lilikuwa bilauri. Ila msimu wa mvua, hewa ya nje yenyewe inapopita asilimia 85, itaanza tena, na hapo hakuna cha kuzungusha: inatoa hewa yenye unyevu na kuingiza nyingine iliyo vilevile.