Kidonge kimoja cha PrEP hakitoshi: maswali ninayoulizwa kuhusu dawa kinga ya VVU

Nikimeza jioni hii, usiku nitakuwa salama?

Hapana. Kidonge hiki kina tenofovir pamoja na emtrisitabini au lamivudini, na dawa hizo lazima kwanza zijikusanye ndani ya seli ambazo virusi huzivamia. Kwa mwanamke, meza kimoja kila siku kwa siku 7. Ukianza Jumatatu, hesabu kinga kuanzia Jumatatu inayofuata; miongozo mingine husubiri hadi siku 21 kwa tendo la ukeni. Kabla ya hapo, kondomu. Mwanamume anaweza kuanza na vidonge 2 kwa pamoja, kati ya saa 24 na saa 2 kabla ya tendo, kisha kimoja kila siku.

Kondomu ilipasuka juzi. Rafiki yangu ana kopo la PrEP, nianze?

Usianze, tafadhali. Hapa ndipo tunapowapoteza watu. Aliyekwisha kukutana na hatari anahitaji PEP, ambayo kwa kawaida ni dawa 3 kwa siku 28, na lazima ianze ndani ya saa 72. Wengi hufika kituoni siku ya tano wakiwa wamemeza vidonge vya kuazima, na muda umekwisha. Nenda leo. Usingoje kliniki ya Jumatatu, wala usingoje dalili.

Figo zangu haziumi. Kipimo cha nini?

Figo huharibika bila kuuma. Tenofovir hutoka mwilini kupitia kwao, kwa hiyo tunapima kreatinini kwenye damu na kukadiria uwezo wa figo kuchuja. Uwezo huo ukiwa chini ya mililita 60 kwa dakika, kidonge hiki hakikufai. Kijana wa chini ya miaka 30 asiye na ugonjwa wa figo anaweza kuanza bila kipimo hiki. Mwenye miaka 50 na zaidi, kisukari au shinikizo la damu apimwe mwanzoni, kisha kila miezi 6 hadi 12. Na hii tabia ya kumeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo iachwe, maana nayo huumiza figo hizohizo.

Tumeachana. Naweza kuacha kesho?

Kuacha unaweza, lakini si kesho. Mwanamke aliyekutana na mwenzake mara ya mwisho Jumamosi anaendelea hadi Jumamosi inayofuata, yaani siku 7. Kwa mwanamume, siku 2 baada ya tendo la mwisho zinatosha. Kisha pima VVU.

Mwenye homa ya ini B asiache kabla ya kuonana na daktari. Dawa hii huvizuia virusi vya ini pia, na ikikatwa ghafla ini linaweza kuwaka upya. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukawa mweusi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nina vidonge vilivyobaki. Nikimpata mwingine nivimalizie?

Pima kwanza. Ukiwa umeshaambukizwa bila kujua, dawa hizi 2 peke yake hazitoshi kukutibu. Zitavifundisha virusi usugu, na matibabu yako yatakuwa magumu zaidi.