Buluu au bluu?

"Je, ni buluu au bluu? Nimeambiwa kwamba bluu ni kosa, kwa sababu Kiswahili hakikubali konsonanti mbili zifuatane."

Maumbo yote mawili yanatumika, na sababu iliyotolewa haina nguvu, kwani blanketi, blauzi na breki zimeandikwa hivyo kwa muda mrefu bila kulalamikiwa. Lililo kweli ni kwamba Kiswahili kina mwelekeo wa kupachika irabu kati ya konsonanti za maneno ya mkopo, na irabu hiyo haichaguliwi ovyo. Katika dereva, e ya kwanza inaiga irabu inayofuata; katika fulana, ingawa a ndiyo inayofuata, tunapata u, kwa kuwa f hutamkwa kwa mdomo nayo huvuta u. Katika buluu sababu zote mbili zinakutana: b ni ya midomo, na irabu inayofuata ni u.

Mkazo nao, ambao hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, huangukia lu katika bu-lu-u na blu katika blu-u. U iliyopachikwa haipati mkazo kamwe, ndiyo maana msemaji wa haraka huimeza kwa urahisi. Fikira na fikra, zilizotoka Kiarabuni, zinaishi pamoja vivyo hivyo, ingawa katika maandishi mamoja ni vyema kushika umbo moja.