Kona hujibiwa kati

Wanafunzi wangu hapa Wete huchora vyumba tisa mchangani wakingojea kengele, wakacheza X na O. Mara kwa mara huja mmoja akaniambia, "Mwalimu, mimi nikianza sifungwi." Ni kweli, akiwa makini hafungwi. Lakini hata kushinda hashindi, iwapo mwenzake anajua jibu la kila mwanzo.

Tuvipe vyumba namba:

```
1 2 3
4 5 6
7 8 9
```

Ukiuzungusha mchoro utaona mianzo ni mitatu tu: kona, kati, na ubavuni, yaani 2, 4, 6 au 8. Wa kona ndio unaofunga watu wengi, kwa sababu una jibu moja tu lisilopoteza: kati.

Tuseme X ameweka 1, na O akajibu 9. X anaweka 3, O analazimika kuziba 2. Sasa X anaweka 7, na hapo anadai vyumba viwili kwa pamoja: 4, akamilishe 1-4-7, na 5, akamilishe 3-5-7. O ana zamu moja, hawezi kuziba vyote. Mtego huu wa pande mbili ndio roho ya mchezo, na X huupata kila O anapojibu kona kwa chumba kisichokuwa 5.

O akishika 5 bado asilale. X huweka 9, na wengi hapo hukimbilia kona, tuseme 3. Hapo O anatishia 7, X anaiziba, na kwa kuziba huko huko anadai 4 na 8. O amekwisha. Dawa ni ubavuni: O aweke 2, atishie 8, ili X asipate nafasi ya kupanga lake. X anaziba 8, O anaziba 7, X 3, O 6, X 4. Vyumba vimejaa, ni sare.

Mwanzo wa kati hujibiwa kona, yoyote ile; ubavuni ni kupoteza. X akiwa 5 na O 2, X huweka 1, O anaziba 9, X anaweka 4, kisha anadai 6 na 7. Mwanzo wa ubavuni ni mpole. X akianza 2, O yuko salama kwa 5, 1, 3 au 8.

Na kwa nini anayeanza halazimiki kufungwa? Kwa sababu alama ya ziada haimdhuru mwenyewe. Lau wa pili angekuwa na mbinu ya kushinda kwa lazima, wa kwanza angeweka X popote, akajifanya yeye ndiye wa pili, akaitumia mbinu ile ile. Mbinu ikimtaka aweke chumba alichokwisha kukishika, anaweka popote pengine. Wote wawili hawawezi kushinda, kwa hiyo mbinu hiyo haipo.