Kwa nini kijana anayebalehe huhitaji insulini nyingi zaidi?

"Mwanangu ana miaka 13 na ana kisukari aina ya kwanza. Dozi iliyomtosha mwaka juzi sasa haifui dafu. Analala na sukari nzuri, anaamka nayo iko juu, na kesho yake inashuka ghafla. Chakula ni kile kile. Kwa nini?"

Mkosaji mkuu ni homoni ya ukuaji. Balehe inapoanza, homoni za uzazi huichochea tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, iitoe kwa wingi, hasa usiku usingizi unapokolea. Ndiyo inayorefusha mifupa, lakini pia huyeyusha mafuta ya mwili na kuyamwaga kwenye damu, na misuli iliyozungukwa na mafuta hayo haiitikii insulini vizuri. Ini nalo huzidi kuachia sukari. Kijana asiye na kisukari hupatwa na hali hiyo hiyo, ila kongosho lake huongeza insulini bila yeye kujua.

Kwa anayejidunga, kuna tatizo jingine juu ya hilo. Insulini ya kongosho hupitia kwanza kwenye ini, lakini ya sindano huingia chini ya ngozi, ikalifikia ini kidogo tu. Ini likikosa insulini ya kutosha hushindwa kutengeneza kiasi cha kawaida cha kemikali inayoiambia pituitari "basi, imetosha". Pituitari isiposikia amri hiyo, inazidi kumwaga homoni ya ukuaji, na mwili unazidi kuikataa insulini.

Tupige hesabu. Mtoto wa miaka 11 mwenye kilo 30, anayetumia yuniti 0.8 kwa kila kilo, anahitaji yuniti 24 kwa siku. Akifika 13 na kilo 40, uzito peke yake ungempeleka kwenye 32. Lakini katikati ya balehe si ajabu mtu kuhitaji yuniti 1.3 kwa kilo, yaani 52. Kwa hiyo kati ya yuniti 28 zilizoongezeka, 8 ni za uzito na 20 ni za homoni. Wengine hukaribia yuniti 2 kwa kilo. Mzazi akiona namba hizo huogopa kwamba mtoto "amezoea dawa", lakini sivyo.

Na kuyumba je? Homoni hii hutoka kwa mafungu, na mafungu ya leo si ya jana. Isitoshe, athari yake kwenye sukari huchelewa kwa saa kadhaa: iliyotoka saa 5 usiku inaonekana alfajiri. Sasa iweke kando ya insulini ya muda wa kati, ile yenye ukungu, iliyodungwa saa 1 jioni. Nguvu yake hupanda kati ya saa 5 na saa 9 usiku, wakati mwili bado haujaihitaji sana, kisha hupungua alfajiri, homoni inapobana. Siku ambayo kijana amecheza mpira jioni, misuli hunyonya sukari usiku kucha, na hapo ndipo inaposhuka.

Sukari ya asubuhi peke yake haisemi kilichotokea usiku. Pima wakati wa kulala, saa 9 usiku na anapoamka, kwa siku tatu. Usithubutu kuongeza dozi ya jioni kabla ya kuona kipimo cha saa 9. Kikiwa chini ya 4 mmol/L, insulini ya usiku imezidi, hata kama asubuhi sukari iko juu. Kikiwa 7 na asubuhi 14, alfajiri ndiyo yenye shida. Kwa anayedunga ile ya ukungu kando na ya haraka, daktari mara nyingi huisogeza hadi saa 3 au 4 usiku, au huongeza kama asilimia 10: kutoka 18 hadi 20, kisha mnasubiri siku tatu kabla ya kugusa tena.

Insulini iliyochanganywa tayari, asilimia 30 ya haraka kwa 70 ya muda wa kati, hapa inawafunga mikono. Ukiongeza ya jioni ili kuikomesha sukari ya alfajiri, umeongeza pia sehemu ya haraka, na sukari inaweza kuanguka mapema usiku. Usiisogeze hadi wakati wa kulala, maana ile ya haraka itafanya kazi bila chakula. Mwulize daktari kama kijana anaweza kupewa aina mbili kando.

Kagua pia ngozi. Dozi kubwa kwenye sehemu ile ile hutengeneza uvimbe laini, na insulini inayodungwa hapo huingia leo haraka, kesho polepole. Kwa msichana, andika tarehe za hedhi kwenye daftari la vipimo: kwa baadhi yao sukari hupanda siku chache kabla, kisha hushuka damu inapoanza. Sukari ikivuka 14 na ikakaa hapo, pima kwenye mkojo ketoni, yaani asidi zinazotokana na mafuta mwili unapokosa insulini. Zikiwepo kwa wingi, au akianza kutapika, mpeleke hospitali mara moja.

Ukuaji ukimalizika, homoni hurudi chini na mahitaji hushuka, kwa kawaida chini ya yuniti 1 kwa kilo. Dozi ya 52 ikiachwa ilivyo, kijana ataanza kushukiwa na sukari mara kwa mara, atakula ili kuipandisha, na atanenepa. Ukiona vipimo vya chini vya mfululizo baada ya urefu kusimama, ni zamu ya kupunguza.