Wazo la msimamizi: shukurani au rejeleo?

Tasnifu nyingi ninazozisoma zina ukurasa mzuri wa shukurani, ila wazo lililoibeba sura ya nne halijatajiwa mwenyewe. Mwanafunzi anadhani deni limelipwa pale aliposema "namshukuru msimamizi wangu kwa maoni yake". Halijalipwa. Shukurani hutaja mtu na msaada wake kwa jumla. Rejeleo hufunga hoja fulani kwa mtu fulani, pale pale ilipoandikwa. Tena sura hiyo ikigeuzwa makala ya jarida, ukurasa wa shukurani hubaki kwenye tasnifu.

Tuseme unaandika kuhusu upatanisho wa kisarufi. Umedai kwamba nomino zote za viumbe hai hufuata A-WA. Msimamizi anaandika pambizoni: "Na 'rafiki yangu amefika'? Kitenzi kinafuata uhai, kimilikishi hakifuati, ilhali tunasema 'simba wangu'. Huenda undugu na ukaribu ndio unaoamua."

Kama angekuwa amerekebisha sentensi au kukuambia uhamishe aya, shukurani zingetosha. Hapa amekupa dai. Kipimo changu ni kuliondoa: bila dai hilo, hoja ya sura inasimama? Ikianguka, rejeleo linahitajika.

Lakini kabla ya kuandika jina lake, muulize amelitoa wapi. Tabia hii ya vimilikishi imo katika vitabu vya sarufi. Basi kisome kitabu chenyewe na ukirejelee hicho, naye umshukuru kwa kukuelekeza. Kumrejelea yeye kwa jambo lililokwisha kuchapishwa ni kumnyima haki mwandishi wa kwanza.

Ikiwa maelezo ni yake na hayajachapishwa, mtindo wa APA huyaita mawasiliano binafsi: (A. Fulani, mawasiliano binafsi, 12 Machi 2024). Huwekwa ndani ya matini tu, hayaingii kwenye orodha ya marejeleo, kwa kuwa msomaji hawezi kuyapata. MLA huyaingiza kwenye orodha, kwa hiyo angalia mwongozo wa chuo chako. Mkiwa mmezungumza ana kwa ana, mwandikie baruapepe siku hiyo hiyo ukieleza ulivyomwelewa. Utapata tarehe, na yeye atapata nafasi ya kukusahihisha. Omba ruhusa pia, maana msomaji anaweza kudhani ameidhinisha hitimisho lako.

Rejeleo hilo halithibitishi kitu. Linasema wazo ni la nani. Data ya vimilikishi bado utaikusanya mwenyewe.

Mjadala wa darasani una ugumu wake. Mwanafunzi mwenzako akitoa hoja peke yake, mrejelee kwa jina kama ungemrejelea profesa (hapa ndipo wengi hujisahau, kwa kuwa mwenzao hana cheo). Hoja ikikua midomoni mwa watu watano, weka tanbihi: "Ufafanuzi huu uliibuka katika mjadala wa semina ya sintaksia, Machi 2024, mifano na uchanganuzi ni wangu." Slaidi za mhadhara zilizopo kwenye mfumo wa chuo ambao wasomaji wako wanaweza kuufungua zina kanuni yake: hizo huingia kwenye marejeleo kama chanzo kingine chochote.