Asilimia 78 "wana umeme"? Soma tena safu ya pili

Diwani mmoja alinipigia simu akiwa amewaka. Alikuwa amesimama kwenye mkutano wa hadhara na kusema asilimia 78 ya Watanzania wana umeme, mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Mheshimiwa, hapa tulipokaa watu mia mbili, wenye umeme nyumbani wanyooshe mikono." Haikufika mikono sitini. Diwani akataka nimwambie nani kadanganya, mzee au serikali.

Hakuna aliyedanganya. Takwimu hiyo ni ya kweli, lakini haisemi alichokisema yeye. Nimeshalieleza jambo hili kwa waandishi wa habari, maofisa mipango na wanafunzi wa vyuo mara nyingi mno, na bado kila ripoti ikitoka kosa ni lile lile.

"Asilimia 78 wana umeme nyumbani"

Utafiti wa hali ya upatikanaji wa nishati Tanzania Bara wa mwaka 2019/20 ulitoa namba mbili. Ya kwanza ni asilimia 78.4, nayo ni ya watu waliofikiwa na umeme. Ya pili ni asilimia 37.7, nayo ni ya kaya zilizounganishwa. Kufikiwa maana yake unaishi mahali ambapo huduma imefika na unaweza kuivuta. Kuunganishwa maana yake taa inawaka ndani kwako. Ya kwanza inahesabu watu, ya pili inahesabu kaya. Anayechukua ya kwanza na kuibandika maneno "wana umeme" amebadilisha maana ya utafiti mzima.

Tuchukue kijiji cha mfano chenye kaya 600 na vitongoji vitano. Transfoma imefungwa kitongoji cha kati, penye shule, zahanati na maduka. Kaya 240 zinaishi karibu nayo, na kati ya hizo 90 zina mita ya LUKU. Kaya 360 ziko vitongoji vya mbali, ambako nguzo hazijafika, lakini 60 kati yake zimeweka umeme wa jua juu ya bati.

Sasa hesabu. Ukiuliza kama kijiji kina umeme, jibu ni ndiyo, na kinaingia kwenye orodha ya vijiji 12,318 vya Tanzania Bara kikiwa kimekamilika. Ukiuliza waliofikiwa, na tuchukulie kaya zote zina watu sawa, ni 240 kati ya 600, yaani asilimia 40. Ukiuliza waliounganishwa na umeme wowote, ni 150, asilimia 25. Ukiuliza wa gridi peke yake, ni 90, asilimia 15. Kijiji ni kile kile, siku ile ile, na majibu yote manne ni sahihi: mia, arobaini, ishirini na tano, kumi na tano. Mwanasiasa atachagua ya kwanza, mpinzani wake atachagua ya mwisho.

Wanaoniudhi zaidi ni wale wanaoona kaya 150 zilizo chini ya transfoma bila umeme na kuhitimisha kuwa "watu hawataki maendeleo". Ada ya kuunganishwa vijijini ni shilingi 27,000, na wengi wangeimudu baada ya mavuno. Kinachowashinda ni kutandaza nyaya ndani ya nyumba: fundi, nyaya, soketi, na mara nyingine paa lenyewe ni la nyasi. Ndiyo maana kukabuniwa UMETA, kile kiboksi chenye swichi na soketi kinachomwezesha mtu kupata umeme bila kutandaza nyaya nyumba nzima.

Jua nalo linawachanganya watu. Utafiti wa mwaka 2016 uliiweka Katavi kwenye asilimia 40 ya kaya zilizounganishwa, miongoni mwa mikoa ya juu, wakati gridi ya taifa ilikuwa haijafika huko. Kuna waliodhani ni kosa la uchapaji. Safu ya vyanzo ndiyo yenye maelezo: mwaka ule, kati ya kaya za vijijini zenye umeme, asilimia 64.8 zilikuwa zinatumia jua. Ukilinganisha Katavi na Dar es Salaam (asilimia 75.2 mwaka huo) bila kuangalia chanzo, unalinganisha taa mbili na redio kwa upande mmoja, na friji na pasi kwa upande wa pili.

"Maji yaliyoboreshwa ni bomba nyumbani"

Sivyo. Kisima kilichojengewa, chemchemi iliyohifadhiwa, kisima kirefu chenye pampu, hata maji ya mvua, vyote vimo. Kinachotenganisha kaya na kaya ni swali linalofuata. Mdadisi akishauliza chanzo kikuu cha maji ya kunywa, anauliza: "Mama, kwenda, kuchota na kurudi inakuchukua muda gani?" Ikizidi dakika 30 pamoja na foleni, kaya hiyo inashuka daraja hata kama maji yenyewe yanatoka bombani. Nimekaa na mama aliyejibu "karibu tu, hapo mtoni pa zamani", kisha tukahesabu pamoja tangu alipobeba ndoo: saa moja na robo, na muda mwingi ni foleni.

Takwimu za kiutawala zinahesabiwa tofauti. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kila kituo cha kuchotea kihudumie watu 250 ndani ya mita 400. Kwa hiyo anayezidisha vituo kwa 250 anapata watu ambao mradi unaweza kuwahudumia, wakati anayebisha hodi anapata wanaohudumiwa kweli. Mkoa ukiwa na asilimia 70 kwa hesabu moja na 55 kwa nyingine, usikimbilie kusema kuna upikaji wa namba.

"Dar es Salaam matatizo ya choo yamekwisha"

Vyoo vyenye sakafu inayosafishika vipo kwa wingi. Lakini nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, kila chumba na kaya yake, wote choo kimoja uani? Dodoso linauliza kama mnashirikiana na kaya nyingine, na kaya ngapi. Mkijibu ndiyo, choo kinabaki bora kwa ujenzi wake, ila kaya haihesabiwi kuwa na huduma ya msingi. Kwa hiyo mjini daima soma safu ya vyoo vya kushirikiana.

"Mkoa wetu umepanda pointi tatu"

Huenda haujapanda hata moja. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa 2022 ulichagua maeneo 629 nchi nzima, kaya 26 kila eneo. Gawa kwa mikoa 31: ni maeneo kama ishirini kwa mkoa, kaya zipatazo mia tano. Na umeme au bomba haviendi nyumba moja moja, vinakuja mtaa mzima. Kaya 26 za mtaa mmoja hufanana sana, kwa hiyo mia tano hizo zina nguvu ya kaya chache zaidi. Eneo moja tu la mjini likiingia badala ya la kijijini, mkoa unaruka pointi kadhaa bila hata nguzo moja kusimikwa. Kabla hujaandika kichwa cha habari kuhusu mkoa, fungua kiambatisho cha makosa ya sampuli, kile chenye majedwali ambayo hakuna anayeyasoma. Tafuta mkoa wako, angalia kiwango cha chini na cha juu, kisha fanya hivyo hivyo kwa ripoti ya nyuma. Viwango vya ripoti hizo mbili vikiingiliana kwa sehemu kubwa, andika kwamba hali haijaonyesha badiliko.